Oda ya ofa imefutwa eti stoki imeisha: udai nini, na kiasi gani?

*Shikamoo wakili. Ijumaa usiku niliingia kwenye ofa ya saa chache ya duka moja la mtandaoni, nikanunua friji ya milango miwili kwa 26,999. Bei yake iliyokatwa mstari ilikuwa 42,999. Nililipa papo hapo kwa M-Pesa, pamoja na 450 za kuletewa hadi Kayole, na sehemu ya pesa hizo ni Fuliza. Nilipata ujumbe kwamba oda imethibitishwa, na Jumamosi ikaandikwa kuwa inaandaliwa. Jumanne wakaifuta, wakasema stoki imeisha. Pesa wameziweka kwenye pochi ya apu yao, na wamenipa vocha ya 1,000. Jumatano nikaiona friji hiyohiyo, muuzaji yuleyule, inauzwa 38,999. Je, naweza kudai zile 16,000 nilizokosa kuokoa? – Msomaji, Kayole*

Marahaba dada. Elfu kumi na sita hutazipata, na sikushauri uzidai, kwa sababu ukianza na hesabu hiyo utampa muuzaji nafasi ya kukukataa kabla hajasoma mstari wa pili. Kuna kiasi kingine, kidogo kuliko hicho lakini chenye miguu ya kusimamia, na kwa jinsi ulivyoeleza mambo yako kinaangukia kati ya shilingi elfu sita na elfu saba na kitu. Hicho ni juu ya pesa zako zote kurudi. Nitakuonyesha kinavyopatikana, ila tushughulikie kwanza jambo ambalo haliwezi kungoja.

Pesa zako ziko mahali pasipostahili. Ulilipa kwa M-Pesa, basi zirudi kwa M-Pesa. Pochi ya apu si pesa mkononi. Ni deni ambalo wewe unalidai duka, nalo linataka kukulipa kwa wewe kununua kwao tena tu, na ukishatumia hata shilingi mia mbili kutoka humo, watasema ulikubali kurejeshewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo usiguse pochi hiyo, na usiitumie vocha pia, mpaka haya yaishe. Waandikie leo, kwa maandishi, kwamba unataka shilingi 27,449 kwenye nambari uliyolipia. Angalia kwamba ni 27,449, kwa maana 450 za kuletewa ni zako pia, hakuna kilicholetwa. Na kama M-Pesa ilikukata ada ya kulipa kwenye Paybill, ada hiyo nayo iongeze, iko kwenye ujumbe wa malipo.

Naomba pia usijaribu kuyarudisha malipo mwenyewe kwa kutuma ujumbe kwa 456. Huduma hiyo ni ya mtu aliyekosea nambari, na wewe hukukosea nambari. Malipo yaliyoingia kwenye Paybill ya biashara yanarudishwa na biashara yenyewe, wao wakiwa ndio wanaoanzisha. Msomaji aliyelipa kwa kadi ana njia tofauti: aende kwa benki yake akapinge muamala kwa maelezo kwamba bidhaa haikuletwa, na awahi, kwa sababu benki huhesabu siku.

Sasa kuhusu kufutwa kwenyewe. Kuna kuisha kwa stoki kwa kweli, na kuna kuisha kwa mdomo, na fidia inayostahili inategemea sana ni upi kati ya hiyo miwili uliokupata.

Kuisha kwa kweli hutokea hivi. Tuseme mfumo wa duka unaonyesha friji 40. Ofa inafunguliwa saa mbili usiku, watu mia tatu wanaikimbilia kwa pamoja. Kila anayebonyeza kulipa anapata ombi la M-Pesa kwenye simu na anachukua sekunde kadhaa kuandika PIN, mwingine anatafuta miwani, mwingine salio halitoshi anaanza upya. Duka lililopangwa vizuri humtengea mtu friji yake tangu anapoanza kulipa, na kama hakumaliza kwa muda fulani inarudi kwenye hesabu. Duka lisilopangwa vizuri hupunguza hesabu baada tu ya malipo kuthibitishwa. Hapo watu sitini wanaweza kuwa wanaandika PIN kwa wakati mmoja kwa ajili ya friji kumi zilizobaki, na wote sitini malipo yao yanapita. Mfumo huligundua hilo mapema, kwa hiyo wanaofutiwa kwa sababu hii huwa wanapata ujumbe usiku uleule au kesho yake asubuhi.

Sababu ya pili ya kweli iko ghalani. Kompyuta inasema 40, lakini mtu akienda rafuni anakuta mbili zimebonyea ubavu, moja ilirudishwa na mteja na haijakaguliwa, nyingine mbili ziliuzwa dukani na hakuna aliyeziondoa kwenye hesabu. Hii ya mwisho ni ya kawaida sana hapa Nairobi, kwa sababu wauzaji wengi wanaoweka bidhaa kwenye majukwaa ya mtandaoni ni wenye maduka ya mjini, na bidhaa zilezile walizoorodhesha mtandaoni ndizo wanazouzia mtu anayeingia mlangoni Luthuli au Kimathi. Kosa la aina hii hugunduliwa wakati wa kufungasha, yaani siku moja au mbili baadaye.

Kuisha kwa mdomo kunafanana na huku kwa pili kwa nje, na ndiyo maana watu hudanganyika. Muuzaji alikubali kushusha bei ili aonekane kwenye ukurasa wa ofa, akatarajia oda chache, zikaja nyingi, akapiga hesabu akaona kila friji inamtia hasara. Anatuma chache ili asionekane tapeli, zilizobaki anaandika "stoki imeisha". Au ameona mtu mwingine yuko tayari kulipa zaidi. Dalili zake ni tatu ninazoziamini. Ya kwanza ni bidhaa ileile kurudi sokoni, kwa muuzaji yuleyule, kwa bei ya juu, muda mfupi baada ya kufutwa. Ya pili ni kupigiwa simu na kuambiwa "ipo moja, lakini ongeza elfu nane". Ya tatu ni oda iliyokaa siku kadhaa ikiwa imeandikwa inaandaliwa, kisha ikafutwa bila maelezo ya kilichotokea ghalani.

Wewe una ya kwanza na ya tatu. Bado si uthibitisho kamili, na nakusihi usiwaite wezi katika barua yako. Inawezekana Jumatano iliingia shehena mpya, au kuna mteja aliyerudisha friji yake. Lakini swali sasa ni lao kulijibu, na ni swali jepesi kwa mwenye rekodi: friji iliyowekwa Jumatano kwa 38,999 iliingia ghalani lini? Kama iliingia kabla ya Jumanne, stoki haikuwa imeisha. Kama iliingia baadaye, kwa nini haikutumwa kwako wewe ambaye ulishalipa na bado unangoja?

Nenda sasa hivi ukapige picha ya skrini ya tangazo hilo la Jumatano, likionyesha jina la muuzaji, modeli kamili, bei na tarehe. Matangazo hubadilika, na hili likiondoka umepoteza ushahidi wako mzito kuliko wote. Hifadhi pia ujumbe wa kuthibitisha oda, ukurasa ulioonyesha inaandaliwa, ujumbe wa kufuta na ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala na jina la aliyepokea pesa. Jina hilo tutalihitaji mbele.

Je, sheria inasema nini? Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu watu hupenda kutupiana vifungu na kusahau hesabu.

Muuzaji mjanja atakujibu kwamba hakukuwa na mkataba. Hoja yake ni kwamba kuweka bidhaa kwenye tovuti ni kuwakaribisha watu waombe kununua, kwamba wewe ndiye uliyeomba, na kwamba masharti yao yanasema mkataba unakamilika pale tu bidhaa inapotumwa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mahakama zimekubali tangu zamani kwamba bidhaa iliyo rafuni na bei yake bado haijauzwa. Lakini tangazo la rafuni ni jambo moja, na mtu aliyepokea pesa zote, akaandika "oda yako imethibitishwa" na akasema anaiandaa ni jambo jingine. Maneno hayo mnunuzi wa kawaida anayaelewa kuwa ni kukubaliwa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, Nambari 46 ya 2012, inakusaidia hapa kwa mambo mawili: utata katika mkataba na mtumiaji husomwa kwa faida ya mtumiaji, na haki ambazo sheria hiyo imekupa haziwezi kufutwa na maandishi madogo uliyobonyeza kukubali.

Sheria hiyohiyo inahesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kusema bidhaa ipo au inaweza kuletwa ilhali msemaji anajua, au alipaswa kujua, kwamba haipo au haiwezi kuletwa. Maneno "alipaswa kujua" ndiyo yenye uzito kwako. Huhitaji kuthibitisha kwamba walikusudia kukudanganya. Duka linaloendesha ofa ya kukimbiliana, linalojua kwamba hesabu yake ya ghala inachelewa na kwamba malipo ya M-Pesa yanachukua sekunde zake, lilipaswa kujua kwamba litauza zaidi ya lilichonacho. Wangeweza kuweka akiba ya friji chache nje ya ofa kwa ajili ya makosa kama hayo. Wasipofanya hivyo, makosa yao yasimwangukie mnunuzi peke yake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kanuni iko katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31: muuzaji asipokabidhi bidhaa ambayo inapatikana sokoni, kipimo cha kawaida cha hasara ni tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya soko siku ambayo bidhaa ilipaswa kukabidhiwa. Isome tena taratibu: ni bei ya soko. Si bei iliyokatwa mstari. Ile 42,999 ni nambari aliyoiandika muuzaji mwenyewe ili punguzo lionekane kubwa, na huenda hakuna mtu yeyote Nairobi aliyewahi kuilipa kwa friji hiyo. Wala si 38,999 ya Jumatano, maana hiyo pia ni bei ya duka moja tu, la mdaiwa.

Kwa hiyo, tafuta bei ya soko. Panda gari hadi mjini, au mtume mtu unayemwamini, aingie maduka mawili au matatu ya Luthuli na Moi Avenue, aulizie modeli ileile, herufi kwa herufi, na apewe bei kwa karatasi yenye muhuri na tarehe. Angalia pia bei katika supamaketi moja kubwa inayouza vyombo vya umeme. Modeli zinazofanana kwa macho hutofautiana kwa elfu kadhaa kwa sababu ya lita, aina ya kompresa na miaka ya waranti, na muuzaji ataushika upesi upungufu huo ukilinganisha vitu viwili tofauti.

Tuseme umepata 33,500 kwenye duka moja na 34,200 kwenye jingine. Chukua ya chini, kwa sababu mtu aliyepata hasara anatarajiwa kuipunguza anavyoweza. 33,500 toa 26,999 ni 6,501. Duka la mjini litakutoza kusafirisha; tuseme pikapu hadi Kayole ni 1,200, na awali ungelipa 450, basi umeongezewa 750. Jumla ni 7,251. Hicho ndicho kilele cha madai yako kwa friji hii, juu ya 27,449 zinazorudi. Ukipata bei tofauti sokoni, badilisha nambari, njia ya kuhesabu inabaki ileile.

Kuna mitego miwili katika hesabu hii. Wa kwanza ni muda. Bei inayohesabika ni ya siku zile ambazo friji ilipaswa kufika. Ukikaa miezi miwili ukinung'unika, bei ikapanda hadi 37,000, nyongeza hiyo ni yako mwenyewe. Wa pili ni bei ya soko kuwa karibu sana na bei ya ofa. Hutokea mara nyingi: mtu anafutiwa blenda ya 2,499 iliyokuwa "imepunguzwa" kutoka 5,999, akienda mjini anaikuta kwa 2,600. Hasara yake halisi ni shilingi 101 na usumbufu. Kwa mtu wa namna hiyo vocha ya mia tano ni fidia nzuri, na ningemwambia aipokee, mradi pesa zake zirudi zote na vocha isiwe na sharti la kununua vitu vya elfu kumi kwanza.

Fuliza nayo umeitaja. Ada ya kila siku imekuwa ikikukata tangu Ijumaa kwa pesa ambazo mtu mwingine amezikalia, na ni haki kuumia kwa hilo. Iandike katika madai yako kama kipengele cha pekee, ukiambatisha taarifa ya M-Pesa inayoonyesha makato. Lakini ujue ni kipengele dhaifu zaidi. Kwa kawaida mvunja mkataba hulipia hasara ambayo ingetarajiwa na mtu yeyote katika hali hiyo, au ile aliyoelezwa mapema, na wao hawakujua kwamba unanunua kwa mkopo. Ila kuanzia siku utakapowaandikia kwamba pesa wanazozishikilia ni za Fuliza na zinakukata kila siku, hawatasema tena kwamba hawakujua. Ni sababu nyingine ya kuandika leo. Na pesa zikirudi, Fuliza itajilipa yenyewe kutoka kwenye salio hilo. Usishangae ukiona zimeingia pungufu, wala usidhani duka limekupunja.

Waandikie ujumbe mfupi, bila matusi na bila hadithi ndefu. Mimi ningeandika hivi:

"Oda nambari fulani, friji modeli fulani, nililipa Sh 27,449 tarehe fulani kwa muamala wa M-Pesa nambari fulani. Mlithibitisha oda, mkaandika inaandaliwa, kisha mkaifuta Jumanne kwa maelezo kwamba stoki imeisha. Jumatano muuzaji huyohuyo ameitangaza friji hiyohiyo kwa Sh 38,999, picha nimeambatisha. Sikubali pesa zangu kubaki kwenye pochi ya apu. Sehemu yake ni Fuliza inayokatwa ada kila siku. Naomba moja kati ya haya mawili ndani ya siku saba: mniletee friji hiyo kwa bei niliyolipa, au mnirudishie Sh 27,449 kwa M-Pesa pamoja na Sh 7,251 ambazo ni tofauti ya bei ya soko na usafiri, kama zinavyoonyeshwa na karatasi za bei nilizoambatisha. Naomba pia mnieleze friji iliyotangazwa Jumatano iliingia ghalani lini."

Ona kwamba nimetanguliza friji yenyewe. Kwa uzoefu wangu wa kukaa katikati ya wanunuzi na maduka, hilo ndilo suluhisho linalopatikana kwa urahisi zaidi. Duka likikupa 7,251 taslimu, hasara inatoka mfukoni mwao yote. Likikupa friji kwa 26,999, hasara yao ni tofauti kati ya pesa ulizolipa na bei waliyoinunulia wao, ambayo huwa ndogo zaidi, na wewe umepata ulichokitaka. Wakikupa modeli nyingine iliyo sawa au bora kwa bei ileile, ifikirie kwa makini kabla ya kukataa. Ukikataa kitu kilicho sawa kabisa, madai yako ya tofauti ya bei yanapungua nguvu, kwa sababu hasara ungeweza kuiepuka. Iliyo ndogo kwa lita au yenye waranti fupi haihesabiki kuwa sawa, una haki ya kuikataa.

Wakijibu kwa kukupa, kwa mfano, pesa zote na 4,000 juu, mimi ningekubali. Bado kuna hatari ya hoja yao ya mkataba kushinda, na muda wako una thamani. Wakijibu kwa pesa zote na vocha ya 1,000 tu, katika mambo yako, na picha ile ya Jumatano mkononi, nisingekubali. Kama wangekufutia usiku uleule wa Ijumaa, pesa zikarudi Jumamosi asubuhi na friji isionekane tena, ningekwambia upokee vocha hiyo na uachane nao. Siku nne za kushikilia pesa zako na tangazo la Jumatano ndivyo vinavyobadilisha mambo.

Wakinyamaza, una milango miwili, na inafanya kazi tofauti. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo inakataza kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na bei. Faida yake ni kwamba hoja ya mkataba ulikamilika lini haina uzito mkubwa pale, kinachoangaliwa ni kile walichokitangaza. Tena malalamiko ya wanunuzi wengi waliofutiwa usiku mmoja yanaonyesha mwenendo, jambo ambalo mtu mmoja hawezi kuonyesha, kwa hiyo kama unawajua wengine waliofutiwa, pelekeni pamoja. Lakini usitegemee mamlaka hiyo ikukusanyie 7,251 zako kama wakala wa madeni.

Kwa pesa zako, mlango ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa na ya pesa ambazo mtu anazishikilia na si zake. Huhitaji wakili, unajaza fomu ya madai, unaambatisha ushahidi, unaeleza mwenyewe. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kwa madai ya elfu saba peke yake ningekuambia upime nauli na siku za kazi utakazopoteza kabla ya kwenda. Lakini kama wamekataa hata kutoa zile 27,449 kwenye pochi yao, nenda bila kusita, na hizo 7,251 uziongeze kwenye fomu ileile.

Kabla ya kujaza fomu hiyo, hakikisha unamshtaki mtu sahihi, kwa maana hapa ndipo madai mengi mazuri hukwama. Jina la apu si lazima liwe jina la kampuni, na kwenye majukwaa yenye wauzaji wengi, jukwaa litasema "sisi tumeunganisha tu, muuzaji ni fulani", na muuzaji atasema "mfumo ni wao". Angalia ujumbe wa M-Pesa: nani alipokea pesa? Kama ni jukwaa, basi jukwaa ndilo lililokuthibitishia oda, ndilo linaloshikilia pesa zako sasa, na ndilo la kwanza kwenye fomu. Muuzaji naye muweke wa pili, kwa sababu ya tangazo la Jumatano. Jina kamili la kampuni lililosajiliwa utalipata kwa kulitafuta katika huduma ya usajili wa biashara kupitia eCitizen kwa ada ndogo, na mara nyingi liko pia chini kabisa ya ukurasa wa masharti yao, pamoja na anwani ya kupelekea hati.